Mwanangu hana 3, 5 wala 7 kwenye gridi ya tarehe ya kuzaliwa, nimeambiwa abadili kombi. Wajuzi wa namba naomba msaada

BintiPangani

Habari za saa hizi wakuu. Kijana wangu kazaliwa 18/06/2008, yupo kidato cha tano anasoma PCB na anaipenda mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Sasa kuna kaka mmoja tupo naye kwenye grupu la wasap la biashara, anasoma watu kwa namba, unamtumia tarehe ya kuzaliwa anakuchorea vyumba tisa anakwambia wewe ni mtu wa namna gani. Wenzangu wengi walisema kawapatia kweli kweli, nami nikatuma ya mwanangu.

Akanirudishia mchoro vyumba vingi vitupu. Akasema 3, 5 na 7 zote hazipo, huo ni mstari mzima mtupu, kwa hiyo kijana hana moyo wa kushikilia jambo, sayansi ataanza na hataimaliza, ahamie HKL mapema kabla hajachelewa. Halafu 8 zipo mbili, akasema huo ni mzigo wa Zohali. Na kwa kuwa 5 ndio chumba cha katikati na kimekosekana inabidi avae pete ya zumaridi, anayo yeye, laki mbili na nusu.

Hela sijatoa. Ila usingizi umepungua maana mtoto ni mmoja. Naomba mwenye kuijua hii elimu anieleze inasomwaje na kama hicho alichoambiwa ndicho kilichopo.

FundiUmeme88

Mimi nimezaliwa 08/08/1988 yaani nina 8 nne, hiyo inamaanisha namba yangu ya bahati ni 8 sio? Maana kuna mkeka nataka kuuweka jumamosi, naombeni namba za kuchagua wakuu.

KisimaChaNamba

Dada BintiPangani pole, tulia kwanza. Hii kitu naifuatilia miaka mingi na naipenda, ndio maana inaniuma ikitumika hivi. Ngoja nikueleze taratibu.

Swali la kwanza ambalo ungemuuliza huyo kaka ni ametumia gridi gani, kwa sababu zinazozunguka mitandaoni ni mbili na watu wanazichanganya kila siku. Ya kwanza wanaiita ya Pythagoras, namba zinapanda kutoka chini kwenda juu:

```
3 6 9
2 5 8
1 4 7
```

Ya pili ni Lo Shu, asili yake Uchina, ile ya hadithi ya kobe aliyetokea mto Luo akiwa na madoa mgongoni. Hii ukijumlisha mstari wowote, wa kulala, wa kusimama au wa mshazari, unapata 15:

```
4 9 2
3 5 7
8 1 6
```

Kuiweka tarehe ndani ni rahisi. Unaandika tarakimu zote za tarehe, sifuri unaziacha kwa sababu hazina chumba, halafu kila tarakimu unaipeleka kwenye chumba chake, ikija mara mbili unaiandika mara mbili. Kijana wako ni 1, 8, 6, 2, 8. Basi. Tarakimu tano tu maana sifuri zimekula tatu. Angalia inavyokaa, juu Pythagoras chini Lo Shu:

```
.  6  .
2  .  88
1  .  .

.  .  2
.  .  .
88 1  6
```

Unaona tofauti? Kwa Pythagoras hakuna mstari hata mmoja uliojaa. Kwa Lo Shu mstari wa chini wote umejaa, 8-1-6, na huo ndio mstari wa vitendo, wa mtu anayefanya kazi kwa mikono na kumaliza alichoshika. Mtoto yule yule na tarehe ile ile. Kwa hiyo aliyekwambia kijana hamalizi mambo, kama alikuwa anatumia Lo Shu basi ameruka mstari uliojaa akaenda kukusomea mtupu peke yake, na kama alitumia ya Pythagoras twende tukaone huo mtupu unasemaje.

3-5-7 kwenye Pythagoras ni mshazari, unashuka kutoka juu kushoto kuja chini kulia. Ukijaa wanasema ni mtu wa imani, mpole wa moyo. Ukiwa mtupu wote wanauita mshale wa mashaka, yaani mtu asiyekubali jambo kwa kuambiwa, anataka ushahidi, anauliza kwa nini mpaka watu wanachoka. Hiyo ndio tafsiri waliyoizoea wanaoitumia gridi hii. Sasa niambie dada, mtu wa namna hiyo ndio unamtoa kwenye fizikia, kemia na baiolojia?

Na 8 mbili zinasomwa hivi, mchunguzi, mwenye mpangilio, haamini mpaka ashike mwenyewe, na upande wake mgumu ni ukaidi. Zohali wa mizigo ameingia kutoka kwenye mapokeo ya Kihindi, kule 8 ni yake. Wenye Lo Shu yao hawana huyo Zohali.

Fundi hii sio ya kubeti ndugu yangu, nitakurudia.

MsafiriMaskati

Kisima umeeleza vizuri ila umeacha kitu kikubwa sana. Mimi nipo Maskati, kazini tupo na Wahindi wengi na kuna mama mmoja amenifundisha hii Lo Shu, wao hawaishii kwenye tarakimu za tarehe peke yake. Wanaongeza mulanki, hiyo ni tarehe ya siku ukiijumlisha ibaki tarakimu moja, na bhagyanki, hiyo ni tarehe yote nzima ukiijumlisha ibaki tarakimu moja. Zote mbili unaziingiza kwenye gridi kama tarakimu za kawaida. Bila hizo gridi haijakamilika kabisa unasoma nusu mtu.

Na pete ya zumaridi ipo kweli, 5 ni ya Utaridi na jiwe lake ni zumaridi. Sio kwamba kaitunga.

KisimaChaNamba

Ahsante MsafiriMaskati, sikuiacha kwa kusahau, nilitaka dada aone ya msingi kwanza. Tuongeze sasa hizo mbili.

Siku ni 18, 1+8 = 9. Hiyo ndio mulanki. Tarehe yote, 1+8+0+6+2+0+0+8 = 25, halafu 2+5 = 7. Hiyo bhagyanki. Kwa hiyo 9 na 7 zinaingia:

```
.  9  2
.  .  7
88 1  6
```

Angalia upande wa kulia. 2-7-6 imejaa, huo kwa Lo Shu ni mstari wa utendaji. Na ule mstari wa katikati, 3-5-7, sio mtupu tena, 7 imeshakaa. Zinazobaki kukosekana ni 3, 4 na 5.

Hapa ndipo naona mchezo wa huyo kaka. Mstari mtupu ameutoa kwenye hesabu isiyo na nyongeza. Pete ameitoa kwa Wahindi, ambao wao nyongeza ni lazima, na kwa hesabu yao huo mstari mtupu haupo. Kachukua hofu huku na dawa kule. Mtu anayeijua kazi yake anachagua njia moja anatembea nayo mpaka mwisho, hata kama jibu halimnufaishi.

MsafiriMaskati

Hapo kwenye kuchanganya nakubaliana na wewe. Lakini 5 bado haipo hata ukiongeza, kwa hiyo dawa ya 5 kwa mapokeo yale bado anaihitaji. Huyo mama anasema asiye na uwezo wa jiwe anavaa kijani, au anawalisha ng'ombe majani mabichi siku ya jumatano maana ndio siku ya Utaridi. Hakuna laki mbili na nusu hapo.

Sharifu_wa_Kisauni

Asalaam alaykum. Nyinyi mwasema Uchina mwasema Uhindi, na hicho kimraba kipo kwetu pwani tangu mababu. 4 9 2, 3 5 7, 8 1 6, hicho ni buduhu. Pembe zake nne ni 2, 4, 6 na 8, kwa hesabu ya abjadi ni be, dali, wau na hee, ndio yakaja hayo maneno buduhu. Imamu Ghazali aliyefariki 1111 alikitaja, kikiandikwa kumsahilishia mwanamke uchungu wa kuzaa. Wazee wetu waliandika kwenye hirizi. Kwa hiyo hii elimu ya tarehe za kuzaliwa ni yetu, wenzetu wameichukua wakaibadilisha.

Na jambo lengine dada, kijana alizaliwa saa ngapi? Kwa sababu siku yaingia magharibi.

BintiPangani

Waalaykum salaam. Alizaliwa saa mbili usiku, jumatano.

Sharifu_wa_Kisauni

Basi hiyo ni usiku wa alhamisi, na tarehe yake ni 19 sio 18. Hesabu zote hapo juu zimeharibika. Weka 19, 8 moja yaondoka na 9 yaingia.

KisimaChaNamba

Sharifu heshima yako mzee wangu, kimraba ni kile kile na habari ya Ghazali ni ya kweli. Ila kuna vitu viwili umeviunganisha. Buduhu kinaandikwa kikiwa kimejaa namba zote tisa, ni kimoja kwa watu wote, hakina tarehe ya mtu ndani yake. Na falaki ya pwani inamhesabu mtu kwa herufi za jina lake na jina la mama yake, sio tarehe ya pasipoti. Hii ya kuchukua 18/06/2008 ukaisambaza kwenye vyumba ni kitu cha juzi juzi tu. Wachina wenyewe kalenda hii wameipokea rasmi 1912, na kalenda yenyewe ya Gregori ni ya 1582, kwa hiyo Pythagoras aliyeishi zaidi ya miaka elfu mbili kabla asingeweza kuandika tarehe hivi. Jina lake limebandikwa tu.

Kuhusu magharibi. Ukitaka siku iingie jua likizama, ni sawa kabisa, lakini basi chukua kalenda inayoendana na hiyo siku. Mwaka wa hijria hapo ni 1429. Hapo hapo 4 na 9 zimeingia, 8 ya mwaka imetoka, gridi imekuwa nyingine kabisa. Huwezi kuchukua mpaka wa siku kwenye kalenda moja na namba ya tarehe kwenye kalenda nyingine. Chagua moja.

Sharifu_wa_Kisauni

Hapo kwenye falaki na jina la mama ni kweli, ndivyo ilivyo. Lakini kuzaliwa usiku wa alhamisi ukaitwa wa jumatano mimi sikubali mpaka leo.

TichaHesabu

Nimekuwa nasoma kimya. Mimi nafundisha hesabu, hizi imani sizishiki, ila kwa kuwa ni suala la mtoto kubadili kombi nimekaa na kalamu nikahesabu, naomba mama asome hii.

Kwa watoto waliozaliwa 2008 peke yake, ni wangapi wana 3-5-7 tupu kama ya kijana wako kwa hesabu ya kawaida isiyo na nyongeza? Mwaka wenyewe hauna 3, 5 wala 7. Miezi isiyo na hizo namba ni tisa, toa machi, mei na julai. Tarehe zisizo na hizo namba ndani ya mwezi ni 1, 2, 4, 6, 8, 9, 10, 11, 12, 14, 16, 18, 19, 20, 21, 22, 24, 26, 28 na 29. Hizo ni 20, na 2008 februari ilifika 29 kwa hiyo kila mwezi unazo zote. Tisa mara ishirini ni 180. Mwaka ulikuwa na siku 366.

Yaani nusu ya siku za mwaka ule. Nenda darasani kwake, chukua waliozaliwa 2008, kama nusu yao watakuwa na huo mstari mtupu. Wengine PCB, wengine HKL, wengine wanaongoza darasa na wengine wanashika mkia. Namba inayowakuta nusu ya watu haiwezi kukwambia mwanao ana tatizo gani.

Na 5 kukosekana ni zaidi ya hapo. Kwa waliozaliwa kati ya 2000 na 2009 karibu watatu kati ya wanne hawana 5. Hata 7 na 9 ni hivyo hivyo.

Kitu cha mwisho. Tarehe ina tarakimu nane, vyumba ni tisa, kwa hiyo hata bila kufikiri sana hakuna binadamu anayeweza kuijaza. Nimejaribu kutafuta tarehe inayojaza zaidi. Kwa waliozaliwa miaka ya 1900 mwisho ni vyumba saba, mfano 25/03/1948, huyo amekosa 6 na 7 tu. Kwa waliozaliwa 2000 kuja huku mwisho ni vitano. Kila mtoto aliyezaliwa karne hii mpaka leo amekosa namba nne au zaidi awe nani awe nani. Anayeuza pete za namba zinazokosekana hawezi kukosa mteja.

BintiPangani

Mwalimu hii ya 180 nimeihesabu mwenyewe kwa kalenda ya simu nikaipata. Aisee. Yule kaka aliniambia mistari mitupu ni adimu.

KisimaChaNamba

Ticha nakushukuru kwa moyo wote, na wala sikupingi kwenye hesabu. Hili ndilo jambo ambalo wasomaji wengi wa gridi hawalifanyi na linawaharibia kazi. Wanasoma namba za mwaka kana kwamba ni za mtu binafsi. Waliozaliwa 1900 na kitu wote wana 1 na 9, hakuna aliyekosa. Waliozaliwa 2000 kuendelea wote wana 2. Sasa mzazi wa 1979 akilinganisha gridi yake na ya mwanae wa 2008 anaona mwanae kakosa 9, anaanza kusema watoto wa siku hizi hawana ndoto wala huruma, kumbe yeye 9 yake kapewa na karne tu.

Mfano mzuri ni waliozaliwa 1950 mpaka 1959. Wote wana 1, 9 na 5. Na 1-5-9 kwa Pythagoras ni mshazari wa ung'ang'anizi, mtu asiyekata tamaa. Mamilioni ya watu dunia nzima wana huo mshale bila kujali siku wala mwezi. Ukimsomea mzee wa 1955 ukamwambia wewe ni mng'ang'anizi atafurahi, lakini hujamsoma yeye, umesoma muongo wake.

Kwa hiyo mimi ninavyofanya, naweka mwaka pembeni kwanza. Naangalia siku na mwezi peke yake. Kijana wa dada anabaki na 1, 8, 6. Hizo ndizo ninazozipa uzito, halafu mwaka unakuja kama mazingira aliyozaliwa nayo yeye na wenzake wote. Hata 8 yake ya pili ni ya mwaka, wanayo wote wa 2008. Ya kwake ni moja tu, imetoka kwenye 18. Kwa hiyo hata ule ukaidi wa 8 mbili nilioutaja mwanzo ningeupunguza nguvu.

Na namba inayokosekana haimaanishi kitu kimekatwa ndani ya mtu. Inasomwa kama jambo ambalo halimjii lenyewe, anajifunza kwa kulifanya. Asiye na 4 hana mpangilio wa kuzaliwa nao, akiamua anautengeneza. Ukisoma hivyo haikufungii mlango.

TichaHesabu

Mkuu naelewa unavyojitahidi kusafisha. Lakini 18 nayo ni ya kila aliyezaliwa tarehe 18, na juni ni ya kila wa juni. Ukitoa mwaka kwa sababu ni wa wengi, hiyo sababu inakufuata mpaka kwenye siku. Unaacha wapi?

KisimaChaNamba

Naacha kwenye siku kwa sababu ndio ndogo kuliko zote zilizopo kwenye tarehe. Najua kwako haitoshi.

TichaHesabu

Haitoshi.

JirankoMwema

Samahani kwa kuingilia. Mama yangu kitambulisho kinasoma 01/07/1959. Nimeiweka nikapata 1 mbili, 5, 7 na 9 mbili. 1-5-9 imejaa. Na kweli mama ni mng'ang'anizi sijaona, ametulea saba peke yake. Kwa hiyo inafanya kazi ama?

KisimaChaNamba

Ndugu muulize mama kama hiyo tarehe ni ya kweli. Wazee wengi wakati wa kuandikishwa hawakuwa na tarehe, walijua mwaka wa njaa au mwaka wa mafuriko, karani akaandika moja januari au moja julai. Ukikuta 01/01 au 01/07 kwa mtu wa umri huo, usiisome mpaka uhakikishe. Hapo 7 na 1 moja vinaweza kuwa vya karani. Na hiyo 1-5-9 nimeshaieleza juu, imekuja na 1959 yenyewe.

Ung'ang'anizi wa mama yako unao ushahidi wa watoto saba, hauhitaji gridi.

JirankoMwema

Nimempigia. Anasema alizaliwa msimu wa kuvuna mpunga, mwaka hana uhakika, mjomba ndio alimwandikisha. Basi naiacha.

KisimaChaNamba

FundiUmeme nilikuahidi. 08/08/1988 una 8 nne, 1 na 9. Mbili kati ya hizo 8 ni za mwaka. Wanaosoma, namba ikirudia mara nne wanaiona kama sauti iliyopandishwa mno, kile kizuri chake kinageuka. 8 ni kuthamini vitu, kupanga, kuona faida iko wapi. Ikizidi inakuwa kutotulia, mtu anahama kazi anahama mji akihisi faida ipo upande ule mwingine. Ndivyo inavyosomwa. Haisemi chochote kuhusu mechi ya jumamosi, na msomaji akikupa namba ya kubeti kutoka kwenye gridi ujue hajui anachofanya.

FundiUmeme88

Hapo kwenye kuhama umenigusa mkuu, nimefanya mafinga, nimefanya kahama, sasa hivi nipo mtwara. Ila fundi yeyote anafuata kazi ilipo au sio? Huyu jamaa yangu tunayefanya nae yeye hana 8 hata moja na tumehama wote.

BintiPangani

Wakuu mrejesho. Nilimwandikia yule kaka nikamuuliza maswali mawili tu kama mlivyonifundisha, unatumia gridi ipi na mulanki na bhagyanki ya mwanangu ni ngapi. Kajibu ni siri za kazi. Nikamtumia ile gridi yenye 9 na 7 nikamwambia mbona 7 ipo. Akasema hiyo ni ya Wahindi yeye hatumii. Nikamuuliza na zumaridi ni ya nani. Mpaka sasa tiki mbili za bluu, hajajibu.

Kijana nimekaa nae jana jioni nikamweleza yote maana sikutaka asikie kwa wengine. Akaniuliza kama kwa waliozaliwa siku hizo 180 walioshindwa mtihani ni wengi kuliko waliofaulu, nani amehesabu. Nikakumbuka ule mshale wa mashaka nikanyamaza. Anabaki PCB. Ila Kisima nisikufiche, ile ya mtu wa kuuliza ushahidi ni yeye kabisa, tangu mdogo.

TichaHesabu

Swali lake ndio swali lenyewe mama. Hakuna aliyehesabu.

MsafiriMaskati

Mimi bado nasema avae kijani jumatano, haina gharama.

DadaWaMapacha

Nimechelewa lakini naomba niulize kitu kinachonisumbua. Mimi nina mapacha, wa kike wote, 04/11/2012, wamepishana dakika kumi na kitu. Gridi yao ni moja, 4, 1 tatu, 2 mbili, siku moja mwezi mmoja mwaka mmoja, hata ile mulanki na bhagyanki ni zile zile. Mmoja anaongea kutoka asubuhi mpaka analala. Mwingine mpaka umuulize mara tatu. Nilisoma mahali 1 tatu ni mtu wa maneno mengi. Sasa nani kati yao ndio gridi?

KisimaChaNamba

Dada hilo ndilo swali gumu kuliko yote kwenye hii elimu na sitakudanganya. 1 tatu wapo wanaosoma ni mtu wa maneno mengi, na wapo wanaosema ana mengi ya kusema ila ameyafungia ndani. Unaweza kuona hapo wote wawili wanaingia, kila mmoja upande wake. Wasomaji wengi wakifika kwa mapacha wanahamia kwenye jina, wanageuza herufi kuwa namba na kuziongeza kwenye gridi, na majina yakitofautiana gridi zinatofautiana.

TichaHesabu

Tafsiri ambayo anayeongea inamhusu na asiyeongea inamhusu, ungeijuaje kama imekosea?

KisimaChaNamba

Kwa mapacha peke yao nisingeijua. Ndio maana sisomi mapacha kwa tarehe.

DadaWaMapacha

Majina yao yameachana herufi moja tu, ya mwisho. Kisima ukipata nafasi njoo nikupe inbox hayo majina, nataka kuona hiyo herufi moja inabadilisha chumba gani.